Barua Moja, Mikeka Miwili na Vitabu Arobaini

Kila mwaka, pale somo la Kiswahili linapofika kwenye uandishi wa barua rasmi, walimu wa shule za msingi husahihisha rundo la barua zenye sentensi moja inayojirudia: "Ninaomba utujengee sehemu ya kusomea kwa sababu kusoma ni muhimu sana." Barua hizo hupata alama nzuri. Anwani zipo mahali pake, tarehe ipo, sahihi ipo. Ila laiti moja ingetolewa darasani na kupelekwa kweli ofisini kwa mwalimu mkuu, ingeishia kwenye faili, na mwanafunzi asingejua kosa lake lilikuwa wapi.

Kosa ni kwamba barua hiyo inamweleza mwalimu mkuu jambo analolijua kuliko mwandishi. Huyo ni mtu aliyefundisha watoto kusoma miaka kadhaa kabla ya kupewa ofisi. Hana haja ya kuambiwa kwamba kusoma kuna faida. Anapoishika barua ya namna hiyo, maswali yaliyomo kichwani mwake ni mengine kabisa: nani atakaa na watoto hao, saa ngapi, vitabu vikipotea ataulizwa nani, na fedha zitoke wapi. Barua isiyogusa hata moja ya maswali hayo imemwachia yeye kazi yote ya kufikiri, naye ana kazi nyingine mezani.

Tuchukue mfano na tuufuate mpaka mwisho. Tuseme yupo msichana wa Darasa la Sita katika shule ya msingi ya umma nchini Tanzania, shule yenye wanafunzi 480. Shule ina chumba kilichoandikwa "Maktaba" mlangoni. Ndani mna meza mbili ndefu, rafu za vitabu vya kiada, madawati sita yaliyovunjika yaliyosukumiwa pembeni, na kabati la mbao lenye kufuli. Vitabu vya hadithi vimo ndani ya kabati. Ufunguo anao mwalimu wa maktaba, ambaye pia ana kipindi karibu kila saa katika Darasa la Nne. Chumba kama hiki kinafahamika na yeyote aliyesoma shule zetu, na haitakuwa haki kumlaumu mwalimu yule kwa kufuli lake. Amekabidhiwa mali ya shule kwa maandishi, na kitabu kikipotea jina litakalosomwa ni la kwake.

Msichana huyu anataka kona ya kusomea: mahali pa kukaa chini, karibu na dirisha, penye vitabu vya hadithi ambavyo mtoto anaweza kuvichukua kwa mkono wake bila kuomba ufunguo. Kabla hajaandika neno lolote, anayo kazi ya siku tano.

Siku ya kwanza anaomba ruhusa ya mwalimu wa maktaba ahesabu vitabu. Anavipanga mafungu mawili, vya kiada na vya hadithi, kwa sababu jumla peke yake inapotosha. Chumba chenye mamia ya vitabu huonekana tajiri kwa mgeni, na huenda karibu vyote ni nakala za kitabu kimoja cha Hisabati. Katika mfano wetu anakuta vitabu vya hadithi 92. Baadhi vina mihuri ya miaka mingi iliyopita na kurasa zake bado zimenyooka, dalili kwamba havijafunguliwa mara nyingi. Nchini Tanzania vitabu vya aina hii vina historia yake. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachapishaji wa hadithi za watoto kwa Kiswahili na kupeleka nakala shuleni, kwa sababu wachapishaji walisita kuchapa hadithi zisizokuwa na soko la hakika. Watu walihangaika ili nakala hizo zifike. Inauma kuziona zimelala kabatini.

Siku ya pili anafungua daftari la kuazimia. Hapa ndipo penye ushahidi ambao wanafunzi wengi hawaufikirii, nao umeandikwa na shule yenyewe. Anachagua mwezi mmoja wa masomo ya kawaida, usio na mitihani wala likizo, na kuhesabu mistari. Tuseme mwezi Machi viliazimwa vitabu 31. Kati ya hivyo, 27 vilikuwa vya kiada na vinne tu vya hadithi. Vinne kati ya 92. Namba hiyo haimtukani mtu yeyote, na mwalimu mkuu anaweza kuinuka kitini akaihakikisha mwenyewe kwa dakika kumi. Hoja inayoweza kuhakikishwa na msomaji ina nguvu kuliko hoja yenye maneno matamu.

Siku ya tatu na ya nne anawauliza wenzake. Akisimama mbele ya darasa na kusema "Nani anapenda kusoma?" mikono yote itapanda, na jibu hilo halifai kwa lolote, kwa kuwa hakuna mtoto atakayekubali kuonekana hapendi. Swali linalozaa matunda ni dogo na la hakika: mwezi huu umesoma kitabu gani cha hadithi, na kilihusu nini? Yule aliyesoma atasimulia. Asiyesoma atatafuta jibu darini. Baada ya hapo linafuata swali la pili, kwa nini hukusoma, na majibu yaandikwe jinsi yalivyosemwa. "Sijui kama tunaruhusiwa." "Kabati limefungwa." "Nikienda, Mwalimu yuko darasani." Majibu kama hayo matatu yana uzito kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya mwandishi.

Siku ya tano anachukua rula ya mita ya darasani na kupima pembe iliyo karibu na dirisha la mashariki, ile iliyozibwa na madawati mabovu. Anapata mita 3 kwa mita 2, yaani mita za mraba 6. Mtoto aliyekaa chini na kitabu mapajani anahitaji kama nusu mita ya mraba ili asimgonge mwenzake kwa goti, kwa hiyo pembe ile inawatosha watoto 12. Ni vizuri kwamba dirisha linatazama mashariki. Wakati wa mapumziko ya mchana jua limeshapita juu ya paa, mwanga unaingia bila ukali, na vitabu havipigwi na jua linalokausha gundi na kufifisha rangi za majalada. Kama dirisha lingetazama magharibi, ingembidi aweke rafu upande wa pili wa kona.

Sasa anaweza kuandika, na jambo la kwanza la kuamua ni ukubwa wa ombi.

Hapa inafaa kufahamu mwalimu mkuu ana nini mkononi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu na hazipiti shuleni. 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Shule yenye watoto 480, kwa kiwango hicho, inapata shilingi 2,880,000 kwa mwaka, sawa na 240,000 kwa mwezi. Humo ndimo mnamotoka chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Mwanafunzi akizidisha namba hizo kwenye karatasi ya pembeni ataelewa mara moja kwa nini ombi la viti, zulia na rafu mpya za fundi haliwezi kujibiwa "ndiyo," hata na mwalimu mkuu mwenye moyo mweupe. Tena fedha zile hazitumii kwa kauli yake peke yake. Kuna Kamati ya Shule, na matumizi hupita huko.

Wapo wanafunzi wanaokwepa tatizo hili kwa kupendekeza kila mtoto achangie shilingi mia tano. Pendekezo linaonekana la busara, kumbe linamweka mwalimu mkuu pabaya. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku hadharani michango ya wanafunzi katika shule za msingi na sekondari za umma, na walimu wakuu wengi wanaikumbuka vizuri siku hiyo. Michango ya hiari ya wazazi ina utaratibu wake, nao hauanzii kwa barua ya mtoto wa Darasa la Sita. Barua itakayotaja mchango itasomwa mpaka mstari huo, kisha itakunjwa.

Kwa hiyo msichana wetu anaomba kile ambacho mwalimu mkuu anaweza kukitoa kwa neno lake mwenyewe: kibali. Anaomba pembe, siku mbili kwa wiki, na muda wenye mwisho. Vifaa anavitafuta ndani ya uzio wa shule. Mikeka miwili ipo stoo tangu mahafali ya mwaka uliopita. Mbao zinapatikana kwenye yale madawati yaliyovunjika, zikikubaliwa. Matofali yamebaki nyuma ya choo kipya. Mbao mbili za mita moja na nusu, zikiinuliwa kwa matofali, ni rafu tosha, na kwa kuwa haizidi mita moja kwenda juu, mtoto wa Darasa la Tatu anafika bila kupanda kiti.

Rafu hiyo ina masharti yake mawili. La kwanza, isigusane na ukuta wala mbao zisilale sakafuni, kwa sababu mchwa hupanda kupitia ukutani na unyevu wa msimu wa masika hupita kwenye sakafu. Nafasi ya upana wa kiganja nyuma ya rafu inamwezesha mtu kuona njia ya udongo ya mchwa kabla hawajafika kwenye karatasi. La pili, vitabu vichache vionyeshe majalada badala ya migongo. Vitabu vya hadithi vya watoto ni vyembamba, mgongo wake haubebi hata jina, hivyo vikipangwa kama vya kiada mtoto haoni kitu cha kumvuta. Jalada lenye picha ya fisi au ya mtoto juu ya ngamia linajieleza. Ubao wa mita moja na nusu unabeba kama vitabu vinane vilivyotazama mbele. Mbao mbili ni vitabu kumi na sita, vingine vinasimama nyuma yake, na kila wiki vinabadilishana.

Barua yenyewe anaiandika kwa muundo aliofundishwa. Anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, kisha salamu, kichwa, mwili na mwisho. Mwanafunzi wa Kenya angeandika KUH: pale ambapo wa Tanzania huandika YAH:, na wote wawili wangeeleweka. Shikamoo haiandikwi. Atamwamkia Mwalimu Mkuu kwa kinywa siku atakayoitwa ofisini, lakini kwenye karatasi heshima hukaa katika cheo, katika ufupi na katika mwandiko unaosomeka.

Kichwa cha barua kina kazi kubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. "YAH: MAKTABA" hakimwambii msomaji kitu, na kinaweza kumtia hofu kwamba analetewa malalamiko. Yeye anaandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUFANYA JARIBIO LA KONA YA KUSOMEA HADITHI KATIKA MAKTABA KWA WIKI SITA."

Neno "jaribio" limebeba ombi zima. Kitu cha kudumu kinahitaji kikao, jaribio linahitaji idhini. Kisha aya ya kwanza inaweka ombi lote mezani, bila utangulizi:

"Mwalimu Mkuu, naomba kibali cha kutumia pembe ya maktaba iliyo karibu na dirisha la mashariki kuwa kona ya kusomea hadithi, kila Jumanne na Alhamisi wakati wa mapumziko ya mchana, kwa wiki sita za kwanza za muhula wa pili. Kona itaanza na wanafunzi wa Darasa la Tatu, watoto 12 kwa zamu, na vitabu 40 kati ya 92 vya hadithi tulivyo navyo. Ombi hili halihitaji fedha ya shule wala mchango wa mzazi."

Mtu aliyesoma aya hiyo peke yake anajua anaombwa nini, wapi, lini, kwa nani na kwa gharama gani. Simu ikilia na barua ikawekwa pembeni, ombi limeshafika. Barua nyingi za wanafunzi hufanya kinyume: aya tatu za historia ya maktaba duniani, na ombi linajitokeza mstari wa mwisho, msomaji akiwa amechoka.

Aya ya pili ni ya ushahidi, nayo ni fupi kwa makusudi:

"Kwa ruhusa ya mwalimu wa maktaba, nilisoma daftari la kuazimia la mwezi Machi. Vitabu vilivyoazimwa ni 31, na kati yake vya hadithi ni vinne. Niliwauliza wanafunzi wa Darasa la Tatu sababu. Wengi walisema hawakujua kama vitabu vya hadithi vipo, kwa kuwa vimo kabatini. Mmoja alisema, 'Nikiona kitabu nitakichukua.'"

Hakuna sehemu inayosema maktaba imefungwa siku zote, wala kwamba walimu hawajali. Hata kama mwandishi ana uchungu, sentensi ya namna hiyo inamgeuza msomaji kuwa mshitakiwa, na mshitakiwa hujitetea. Vitabu "vimo kabatini" ni ukweli uleule usio na kidole.

Aya ya tatu ndiyo inayotenganisha barua ya darasani na barua ya kweli. Inaingia mwenyewe katika hofu ya mwalimu mkuu, tena inaanza na habari mbaya:

"Najua kwamba mwaka jana vitabu saba havikurudi. Kwa hiyo katika kipindi cha jaribio hakuna kitabu kitakachotoka nje ya kona. Wanafunzi wanne wa Darasa la Sita, wawili kila siku, watahesabu vitabu kabla ya kufungua na kabla ya kufunga, na kuandika idadi katika daftari ambalo mwalimu wa maktaba atalisaini. Mtoto hataondoka kabla hesabu haijatimia. Vikipotea zaidi ya vitabu vitatu kabla ya wiki sita kwisha, tutafunga kona wenyewe na kurudisha vitabu kabatini."

Wanafunzi wengi huogopa kuandika mistari hiyo. Wanaona kwamba kutaja vitabu vilivyopotea ni kujichongea. Lakini mwalimu mkuu anavijua vitabu vile saba, huenda aliviandikia maelezo. Barua isipovitaja, atadhani mwandishi hajui au anaficha. Barua ikivitaja na kuweka mpaka wa vitabu vitatu, anapata kitu ambacho ofisi zote hukipenda: njia ya kutokea. Akikubali leo, anajua jambo litakavyokoma likienda vibaya, na hatalazimika kuwa yeye wa kulifunga.

Mpango wa kuhesabu nao lazima uwe unaotekelezeka. Vitabu 40 huhesabika kwa dakika mbili ikiwa kila kimoja kina namba yake, 1 hadi 40, iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichogundishwa ndani ya jalada. Vikihesabiwa kwa jumla tu, mhesabuji atajua kwamba kimoja hakipo, lakini hatajua ni kipi wala nani alikuwa nacho mara ya mwisho. Kati ya mapumziko ya dakika 40, tano za mwanzo na tano za mwisho ni za hesabu na za kupanga. Kusoma kunabaki na nusu saa. Huo ni muda halisi, na uandikwe hivyo.

Kisha inakuja hesabu ambayo mwandishi mwaminifu hataipamba. Siku mbili kwa wiki, wiki sita, ni vikao 12. Kila kikao watoto 12, jumla nafasi 144. Darasa la Tatu lina watoto 64. Maana yake kila mtoto atafika kwenye kona mara mbili, na zitabaki nafasi 16 za wale watakaokosa zamu kwa ugonjwa au sababu nyingine. Mara mbili katika wiki sita ni chache mno kumfanya mtoto asome vizuri zaidi, na barua isiahidi kwamba alama za Kiswahili zitapanda. Mwalimu mkuu anajua alama hazipandi hivyo, na ahadi moja isiyowezekana inachafua namba zote nyingine za kweli. Kinachoweza kupimwa ni kidogo zaidi: je, watoto watakuja bila kusukumwa, vitabu vitabaki salama, na baada ya kona kufungwa daftari la kuazimia litaonyesha hadithi ngapi mwezi unaofuata? Swali la mwisho ndilo kubwa. Likionyesha kumi na tano badala ya nne, hiyo ni hoja ya barua ya pili.

Barua inafungwa kwa sentensi mbili: kwamba mwandishi yuko tayari kuja ofisini kueleza kwa siku itakayopangwa, na kwamba ripoti ya maandishi italetwa wiki ya saba. "Wako mtiifu," sahihi, jina, darasa. Yote imeenea ukurasa mmoja na robo.

Inabaki njia ya kuipeleka, na hapa barua nzuri nyingi zimekwama. Mwanafunzi akiipenyeza chini ya mlango wa ofisi, mtu wa kwanza atakayeulizwa ni mwalimu wa maktaba, ambaye ataisikia habari ya chumba chake mbele ya mkuu wake kwa mara ya kwanza. Hata kama angeipenda fikra hiyo, atajikuta anaitetea kufuli. Hivyo barua inasomwa kwanza na yeye, ikiwa bado ni ya penseli. "Mwalimu, naomba uitazame kabla sijaiandika kwa kalamu." Huenda akabadilisha mambo. Anaweza kusema Alhamisi haiwezekani kwa sababu ya kikao cha walimu, au vitabu arobaini ni vingi, ianze ishirini na nne. Kila sahihisho lake likiingia kwenye barua, naye anaingia ndani ya ombi. Baada ya hapo inapitia kwa mwalimu wa darasa, kama ilivyo desturi, na jina lake linaandikwa juu ya karatasi baada ya maneno "Kupitia kwa."

Jibu linalokuja mara nyingi si "ndiyo" wala "hapana." Ni "tutaangalia." Mtoto akilisikia hudhani amekataliwa. Si lazima iwe hivyo. Kwa adabu anaweza kuuliza, "Mwalimu, nije Jumatatu au Ijumaa kupata jibu?" Siku iliyotajwa ina nguvu ya kuirudisha barua juu ya meza. Mwalimu mkuu akikataa kabisa, swali la kuuliza ni moja: sehemu ipi ndiyo nzito? Huenda ni mbao za madawati tu, kwa sababu mali chakavu ya shule haiguswi kabla ya kuandikwa. Basi rafu inaachwa, inafungwa kamba dirisha hadi dirisha, na vitabu vinaning'inizwa juu yake vikiwa wazi katikati, kama nguo zinazoanikwa. Vinane vinatosha kwa kamba moja ya mita mbili na nusu, ila visiwe vizito, kwani karatasi itachanika kwenye mshono.

Tuseme kibali kilitoka na wiki sita zimepita. Katika daftari la hesabu kuna kurasa mbili zilizojaa tarehe, namba na sahihi za mwalimu wa maktaba. Kikao cha tatu hakikufanyika, mvua ilinyesha na watoto walibaki madarasani. Kitabu namba 17 kimechanika jalada na kimebandikwa gundi ya unga. Kitabu namba 29 hakionekani tangu wiki ya nne. Msichana anachukua karatasi, anaandika anwani na tarehe, na chini ya YAH: anaandika ripoti ya jaribio la kona ya kusomea. Mstari wa kwanza wa mwili wa barua unasema: "Mwalimu Mkuu, kitabu kimoja kimepotea, namba 29, siku ya Alhamisi ya wiki ya nne, tukiwa wawili zamuni." Vikao kumi na moja vilivyofanyika anavieleza kuanzia mstari wa pili.